Tufe la Metali Linaweza Kubeba Volti Ngapi?

Tufe la metali lililosimamishwa juu ya kihami linaweza kuongezewa chaji ya umeme kidogo kidogo, na kila inapoongezwa, volteji yake hupanda. Metali yenyewe haina kipingamizi. Elektroni zinazobandikwa juu ya uso wake ni chache mno zikilinganishwa na atomu zilizopo, na tufe halipati moto wala halibadiliki umbo. Hata hivyo, hufika mahali volteji ikagoma kupanda. Cheche huruka, au sauti ya mvumo husikika na chaji ikaanza kutoroka kwa kasi ileile inayoletwa. Kinachoweka kikomo hicho ni hewa iliyoligusa tufe. Kikomo chenyewe kinategemea mambo mawili tu ya msingi: nguvu ya uga wa umeme ambayo hewa inaweza kuistahimili, na nusu kipenyo cha tufe.

Uga wa umeme ni kipimo cha jinsi volteji inavyobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Volti 100 zikishuka ndani ya sentimita moja, uga ni volti 100 kwa sentimita. Zikishuka ndani ya milimita moja, uga huwa mkali mara 10 zaidi, ingawa volti ni zilezile. Jambo hili ndilo ufunguo wa kila kitu kinachofuata, kwa sababu hewa haijali tufe lina volti ngapi. Inachokihisi ni ukali wa mteremko pale karibu na uso wa metali.

Chaji ikiwekwa juu ya tufe la metali lililo mbali na vitu vingine, husambaa sawasawa juu ya uso wote, kwa kuwa chaji za aina moja husukumana na kila moja hutafuta kukaa mbali na wenzake. Nje ya tufe, uga huwa sawa na ule ambao ungekuwepo kama chaji yote ingekusanywa pale katikati. Kutokana na hilo, volteji ya tufe ni chaji ikigawanywa kwa nusu kipenyo, na uga juu ya uso ni chaji ikigawanywa kwa mraba wa nusu kipenyo, zote mbili zikizidishwa kwa namba ileile isiyobadilika. Ukizilinganisha fomula hizo mbili, chaji hujifuta na kubaki uhusiano mfupi:

V = E × R

V ni volteji ya tufe, E ni uga juu ya uso wake na R ni nusu kipenyo. Kwa maneno ya kawaida, tufe kubwa huishusha volteji yake polepole katika hewa inayolizunguka, na tufe dogo huishusha kwa ghafla. Volteji ya tufe lenye nusu kipenyo cha mita moja hupungua hadi nusu ukisogea mita moja kutoka kwenye uso wake. Ile ya tufe la sentimita moja hupungua hadi nusu ndani ya sentimita moja tu.

Basi E haiwezi kuzidi kile ambacho hewa inakistahimili. Vitabu vingi vya fizikia hutaja volti milioni 3 kwa mita, yaani volti 30,000 kwa sentimita, kwa hewa kavu ya usawa wa bahari. Namba hiyo ni ya kukadiria, lakini ni makadirio mazuri, na inafaa kujua imetoka wapi.

Hewa huhesabiwa kuwa kihami, lakini haikosi kabisa chembe zenye chaji. Mionzi kutoka anga za mbali na ile inayotoka kwenye miamba na udongo hung'oa elektroni kutoka kwenye molekuli za hewa kila wakati. Karibu na tufe lenye chaji, elektroni ya namna hiyo husukumwa au kuvutwa na uga na kuanza kushika kasi. Tatizo lake ni msongamano. Kama mtu anayejaribu kukimbia katika soko lililofurika, elektroni haiendi mbali kabla ya kugonga molekuli: umbali wa wastani kati ya mgongano mmoja na mwingine ni chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Katika uga wa volti milioni 3 kwa mita, umbali huo humpa msafiri huyo nishati ya elektronivolti moja au mbili hivi. Ili kung'oa elektroni nyingine kutoka kwenye molekuli ya oksijeni zinahitajika elektronivolti 12 hivi, na kwa naitrojeni zaidi ya 15.

Ukitazama wastani huo peke yake, utadhani hewa ingestahimili uga mkali zaidi. Lakini elektroni ni nyepesi mno kuliko molekuli, na migongano mingi huigeuza mwelekeo bila kuipokonya nishati nyingi. Chache miongoni mwao hubahatika kusafiri mbali kuliko wenzao na kulimbikiza nishati ya kutosha. Moja ikifaulu kung'oa nyingine, zinakuwa mbili. Zote mbili huanza upya safari, zinakuwa nne, kisha nane, na ndani ya milimita chache idadi inaweza kufika mamilioni.

Dhidi ya ongezeko hilo iko oksijeni. Molekuli ya oksijeni hupenda kuinasa elektroni inayopita na kubaki nayo, na elektroni iliyonaswa huwa imebebwa na kitu kizito kisichoweza kushika kasi ya maana. Kwa hiyo kuna mashindano: elektroni mpya zinazaliwa, na nyingine zinanaswa. Uga ukiwa dhaifu, unasaji hushinda na hewa hubaki kihami. Karibu na volti 25,000 kwa sentimita, uzazi huanza kuupita unasaji. Ndiyo maana kikomo cha hewa kina ukingo unaoonekana wazi. Chini kidogo ya ukingo huo hakuna kinachoonekana, na juu yake kidogo mambo hulipuka. Tofauti kati ya 25,000 na 30,000 inatokana na kwamba kuupita unasaji kwa kiasi kidogo hakutoshi. Elektroni lazima ziongezeke vya kutosha ndani ya nafasi iliyopo, hadi wingi wa chaji yake uweze kujitengenezea njia ya cheche.

Chukua sasa tufe la kawaida la mashine ya maonyesho ya shuleni, lenye kipenyo cha sentimita 30. Nusu kipenyo ni mita 0.15. Zidisha kwa volti milioni 3 kwa mita, na kikomo chake ni volti 450,000. Chaji inayolipeleka tufe hilo hadi hapo ni mikrokulombu 7.5. Ni elektroni trilioni 47 hivi, idadi inayosikika kubwa mpaka ikumbukwe kuwa zimetandazwa juu ya uso wenye atomu nyingi zaidi: ni kama elektroni moja ya ziada kwa kila atomu laki moja za uso huo. Nishati iliyohifadhiwa ni juli 1.7. Cheche yake hushtua na kuuma, na mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kuisogelea.

Tufe likiongezwa ukubwa mara mbili, hadi kipenyo cha sentimita 60, kikomo cha volteji huwa mara mbili: volti 900,000. Chaji inayoweza kubebwa huwa mara nne, kwa kuwa kila mita mraba ya uso hubeba chaji ileile na uso umekua mara nne. Nishati huwa mara nane, kama juli 13.5. Kwa hiyo anayejenga tufe kubwa hupata volteji kwa bei ghali. Kila volti ya ziada inadai metali zaidi, nafasi zaidi, na inazaa cheche yenye hatari inayokua haraka kuliko volteji yenyewe.

Hesabu hizi zilipata majaribio yake makubwa nchini Marekani kati ya mwaka 1929 na 1936. Robert Van de Graaff, mwanafizikia aliyezaliwa Alabama mwaka 1901, alitaka volteji kubwa na tulivu ya kuharakisha chembe za atomu. Njia yake ilikuwa mkanda wa kihami unaozunguka, ukinyunyiziwa chaji huku chini na kuipeleka ndani ya tufe la metali huko juu. Uzuri wa mpango huo uko pale chaji inaposhushwa. Ndani ya tufe lililofungwa uga hauna nguvu, kwa hiyo chaji huuacha mkanda na kukimbilia uso wa nje, hata kama tufe tayari lina volteji kubwa. Mkanda haujui kikomo. Utaendelea kuleta chaji mpaka hewa iseme basi.

Mwaka 1931, alipokuwa Chuo Kikuu cha Princeton, Van de Graaff alionyesha mashine ya matufe mawili, kila moja likiwa na kipenyo cha takriban sentimita 60, yakiwa juu ya nguzo za kioo. Moja lilichajiwa chanya na jingine hasi, na tofauti ya volteji kati yake ilifika milioni 1.5. Kila tufe basi lilibeba kama volti 750,000. Kikomo kilichokokotolewa hapo juu kwa ukubwa huo ni 900,000, hivyo mashine ilifika zaidi ya asilimia 80 ya kile ambacho hewa ingeruhusu kwa tufe kamilifu lililo peke yake. Kwa kifaa cha mapema kilichojengwa kwa gharama ndogo, hayo ni matokeo ya kusifiwa. Busara ya kutumia matufe mawili nayo inaonekana hapa: tofauti ya volteji iliongezeka mara mbili bila tufe lolote kuvuka kikomo chake.

Hatua iliyofuata ilionekana dhahiri: jenga matufe makubwa. Huko Round Hill, jimbo la Massachusetts, ndani ya banda lililokuwa limejengwa kwa ajili ya chombo cha kuruka cha aina ya puto, kulisimamishwa matufe mawili ya alumini yenye kipenyo cha mita 4.6 kila moja. Yalikuwa makubwa kiasi kwamba watu na vyombo vya kupimia viliweza kukaa ndani yake, salama, kwa sababu ileile ya kuwa ndani ya tufe hakuna uga. Mashine ilionyeshwa hadharani mwaka 1933. Kwa fomula ya V = E × R, nusu kipenyo cha mita 2.3 kinatoa volti milioni 6.9 kwa kila tufe, karibu milioni 14 kati ya mawili. Kilichopatikana ni takriban milioni 5 kati yake, yaani kama milioni 2.5 kwa kila moja.

Mbona tufe dogo lilifika asilimia 80 na hili kubwa halikufika hata 40? Fomula haikukosea. Kilichokosekana ni sharti lake. V = E × R ni ya tufe lililo mbali na kila kitu, na tufe la mita 4.6 haliwezi kuwa mbali na kila kitu likiwa ndani ya banda. Kuta, paa na sakafu zina volteji sifuri. Zikiwa karibu, mteremko wote wa volteji lazima ukamilike ndani ya nafasi iliyobaki, na uga juu ya uso wa tufe huwa mkali zaidi kwa volti zilezile.

Jambo hili linaweza kuhesabiwa vizuri kwa kuwaza ukumbi ambao wenyewe ni tufe tupu, na tufe lenye chaji limewekwa katikati yake. Tufe la ndani likiwa na nusu kipenyo r, na ukumbi ukiwa na nusu kipenyo A, kikomo cha volteji ni:

V = E × r × (1 − r/A)

Kwa ukumbi wenye nusu kipenyo cha mita 4, tufe la mita 1 linaweza kubeba volti milioni 2.25, badala ya milioni 3 ambazo lingebeba uwanjani. Tufe la mita 2 linafika milioni 3. Tufe la mita 3, ambalo mtu angedhani ni bora zaidi, linarudi kwenye milioni 2.25, kwa kuwa sasa limeusogelea ukuta mno. Ukubwa unaofaa kuliko wote ni nusu ya ule wa ukumbi, na volteji ya juu kabisa inayoweza kupatikana ni robo ya E × A. Tufe likipita hapo, kuliongeza ni kulipunguzia volteji. Banda la Round Hill halikuwa na umbo la tufe, na matufe yake yalisimama juu ya nguzo zenye mikanda, lakini kisa ni kilekile. Fomula rahisi ilitoa dari ambayo jengo halikuruhusu kuifikia. Mashine hiyo haikupotea: sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Sayansi mjini Boston, ambako bado hurusha cheche mbele ya wageni.

Upande wa pili wa uhusiano huu ni matufe madogo, na huko ndiko mitego mingi ilipo. Fomula inasema ncha ya metali yenye nusu kipenyo cha nusu milimita haiwezi kubeba zaidi ya volti 1,500. Kwa kweli inaweza kubeba zaidi, kama 4,600. Sababu ni ile haja ya nafasi. Karibu na ncha ndogo, uga ni mkali sana pale kwenye uso, lakini unafifia ndani ya sehemu ya milimita, na elektroni hazipati umbali wa kutosha wa kuzaana. Mhandisi Mmarekani F. W. Peek alilipima jambo hili kwa makini mwanzoni mwa karne ya 20 na kutoa fomula inayoonyesha kwamba uga wa kuishinda hewa hupanda kadiri tufe linavyokuwa dogo. Kwa tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 15, fomula yake inatoa volti 31,000 kwa sentimita, karibu sawa na namba ya vitabuni. Kwa nusu kipenyo cha sentimita moja inatoa kama 42,000, na kwa nusu milimita inakaribia 93,000. Kwa hiyo ile volti 30,000 si sifa ya hewa peke yake. Ni sifa ya hewa iliyo mbele ya uso mpana.

Nafuu hiyo ya ncha ndogo haitoshi kuziokoa. Kipande cha waya kilichounganishwa na tufe la volti laki kadhaa huwa na volteji ileile ya tufe, ilhali kikomo chake ni elfu chache. Hewa iliyo kwenye ncha hushindwa mapema, lakini cheche kamili hairuki, kwa kuwa sentimita chache mbele uga ni dhaifu. Badala yake unatokea mvujo wa kudumu unaoitwa korona. Elektroni na ioni hutiririka hewani bila kukoma, na chaji ya tufe huisha polepole. Kipele cha umbo la nusu tufe kilichojitokeza juu ya uso laini huongeza uga kwenye kilele chake mara 3, na uzi wa pamba uliosimama huongeza zaidi. Vumbi laini kabisa halidhuru sana, kwa sababu elektroni hazina nafasi ya kuzaana juu yake. Vinavyodhuru ni vitu vya ukubwa wa milimita: tone la gundi, mkwaruzo ulioinua kingo, unywele, kichwa cha skrubu. Tundu ambalo mkanda hupitia kuingia ndani ya tufe ni hatari zaidi, na ndiyo sababu kingo zake hukunjwa kuelekea ndani kwa mviringo mpana. Ukingo uliokatwa na kuachwa hivyohivyo huifanya kazi yote ya kung'arisha tufe kuwa bure.

Mashine inapogoma kutoa cheche ndefu, kuna sababu mbili kuu, na zinaweza kutofautishwa bila vifaa vya ghali. Mashine ndogo ya shule huleta chaji kwa mkondo wa mikroampea chache. Kwa mikroampea 5, tufe la sentimita 30 lingejaa mikrokulombu zake 7.5 ndani ya sekunde moja na nusu. Volteji husimama pale ambapo mkondo unaovuja unakuwa sawa na mkondo unaoletwa. Kama mvujo unapitia hewani kwenye sehemu yenye ncha, chumba kikitiwa giza kutaonekana nuru hafifu ya zambarau mahali hasa penye kasoro, na mvumo pamoja na harufu kali ya ozoni vitathibitisha. Ukiondoa kasoro, volteji hupanda papo hapo.

Kama hakuna nuru, sauti wala harufu, lawama ielekezwe kwenye nguzo na mkanda. Ili volti 100,000 zivujishe mikroampea 5, inatosha ukinzani wa nguzo nzima ushuke hadi ohmu bilioni 20. Huo bado ni ukinzani mkubwa kupindukia kwa vipimo vya kawaida, lakini utando mwembamba wa unyevu wenye chumvi au alama za vidole unaweza kuushusha hadi hapo na chini yake. Ndiyo maana mashine hizi husumbua pwani wakati wa masika. Wengi husema hewa yenye unyevunyevu hupitisha umeme, na hilo si sahihi. Mvuke wa maji ndani ya hewa hunasa elektroni na kuiimarisha hewa kidogo. Maji yanayoleta shida ni yale yaliyotua juu ya kihami. Dawa ni kuifuta nguzo kwa spiriti, kisha kuupasha mkanda na nguzo joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Cheche zikirudi baada ya kukausha, tufe halikuwa na kosa.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari una athari ya kweli juu ya hewa yenyewe. Hewa ikiwa nyepesi, molekuli huachana zaidi, elektroni husafiri mbali zaidi kati ya mgongano na mgongano, na uga dhaifu zaidi hutosha kuzipa nishati ya kung'oa nyingine. Kwa matufe ya ukubwa wa maana, kikomo hupungua karibu kwa uwiano na msongamano wa hewa. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, ina hewa yenye msongamano wa takriban asilimia 83 ya ule wa usawa wa bahari kwenye joto lilelile. Tufe la sentimita 30 linaloahidi volti 450,000 vitabuni haliwezi kupewa zaidi ya 370,000 hivi huko, hata liwe safi namna gani. Dar es Salaam, kwa siku ya nyuzi 32, upungufu unaotokana na joto ni kama asilimia 4 tu. Mwalimu wa Nairobi anayepata cheche fupi kuliko zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji huenda anaona fizikia ya nyanda za juu, na hana haja ya kuirudisha mashine dukani.

Cheche yenyewe inaweza kutumika kama kipimo, mradi itumiwe kwa uangalifu. Mpira mkubwa wa metali uliounganishwa na ardhi ukisogezwa taratibu karibu na tufe, uga katika mwanya huwa karibu sawa mahali pote, ilimradi mwanya uwe mdogo kuliko nusu kipenyo cha mipira yote miwili. Hapo kila sentimita ya mwanya inawakilisha volti zipatazo 30,000. Ukitumia msumari badala ya mpira, hesabu hiyo haifai kabisa. Cheche kutoka kwenye ncha hutambaa mbali kwa volteji ndogo, na anayepima kwa namna hiyo atajidanganya kuwa ana volti mara mbili au tatu ya alizonazo.

Baada ya Round Hill, wajenzi waliacha kushindana na nusu kipenyo na kuigeukia hewa. Gesi ikishindiliwa, molekuli husongamana, elektroni hukosa nafasi ya kushika kasi na kikomo cha E hupanda. Gesi ya salfa heksafloridi, inayonasa elektroni kwa pupa kuliko oksijeni, hustahimili takriban mara mbili na nusu ya uga wa hewa hata kwenye kanieneo ileile, na zaidi sana ikishindiliwa. Katika maabara ya Oak Ridge, Tennessee, kulijengwa mashine ya aina hii ndani ya tangi lenye urefu wa mita 30 na kipenyo cha mita 10, ikaweza kushikilia volti milioni 25. Tufe lililo ndani ya chumba cha mviringo chenye kipenyo hichohicho, kikiwa na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, lisingepita volti milioni 3.75. Na ili kufikia milioni 25 katika hewa hiyo bila tangi, lingehitajika tufe lenye kipenyo cha karibu mita 17, lililong'arishwa na kutundikwa mbali na ardhi, kuta na kitu kingine chochote.